Nyusi Zikitindwa Vibaya: Barua ya Kudai Pesa Leo na Marekebisho Baadaye

Mteja akilalamika saluni kwamba nyusi zake zimetindwa vibaya, jibu la kwanza analopewa huwa lile lile: "Keti basi dada, turekebishe." Ni jibu la heshima, na mara nyingi hutolewa kwa nia njema. Lakini kwa nyusi, kurekebisha papo hapo maana yake ni kung'oa zaidi. Unyusi wa kushoto ukiwa mfupi, hakuna awezaye kuurefusha siku hiyo. Kinachowezekana ni kuufupisha wa kulia ili ulingane nao. Ukiinuka kwenye kiti, tatizo lililokuwa la upande mmoja limekuwa la pande mbili, na ushahidi kwamba upande wa pili ulikuwa mzima umefagiwa pamoja na nywele.

Ndiyo sababu barua nzuri ya malalamiko hutenganisha madai mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni pesa, na pesa zinaweza kurudi leo. La pili ni marekebisho, na hayo hayana budi kungoja nywele ziote. Anayeandika "nataka mnirekebishie au mnirudishie pesa zangu" anamwachia mwenye saluni achague, naye atachagua lisilomgharimu: kumkalisha mteja tena. Barua inayofaa hudai yote mawili, kila moja kwa wakati wake, na huweka tarehe.

Ili kujua tarehe ya kuweka, lazima kwanza ujue nywele zako zilitolewaje. Unywele wa nyusi hauishi maisha marefu kama wa kichwani. Wa kichwani hukua kwa miaka kadhaa kabla ya kudondoka, na kwa wastani huongezeka kama sentimita 1 kwa mwezi. Wa nyusi hukua kwa wiki chache tu, kisha husimama, hupumzika na kudondoka, ndiyo maana nyusi hazifiki mashavuni hata zisipoguswa mwaka mzima. Mapumziko hayo ndiyo yanayomchosha mtu aliyetindwa vibaya. Fundi akitumia uzi, nta au kikoleo, unywele hutoka na mzizi wake, na kinyweleo kilichobaki hukaa kimya kwa muda kabla ya kuanza kuotesha upya. Nywele nyingi huonekana tena baada ya wiki 6 hadi 8, na nyusi kujaa kabisa huweza kuchukua miezi 3 au 4. Aliyepitishwa wembe ana nafuu. Shina lake limebaki ndani ya ngozi, na baada ya siku chache ukipapasa kwa kidole utalisikia likichomoza.

Kwa hiyo barua inayoomba marekebisho "wiki ijayo" kwa nyusi zilizotolewa kwa nta inaomba kisichowezekana, na fundi anayeijua kazi yake atalitambua hilo mara moja. Wiki ijayo hakutakuwa na nywele za kurekebisha. Ombi la busara ni miadi ya bure baada ya wiki 8, kwa fundi mwingine, na kwa masharti kwamba katikati hapo hakuna atakayeugusa upande ulio mzima. Ni subira ngumu, najua. Kutembea wiki 8 na nyusi zisizolingana si jambo dogo kwa mtu anayesimama mbele ya watu kila siku. Wanja wa nyusi ndio utakaomsitiri kwa kipindi hicho, na bei ya wanja huo inaweza kuingia kwenye dai.

Hatua inayofuata ni kueleza kosa lenyewe, na hapa neno "vibaya" halitoshi. Mwenye saluni hakuwapo ulipokuwa umefumba macho, na hajui uso wako ulivyokuwa ulipoingia. Anahitaji kipimo. Mafundi waliosomea kazi hii hupima mistari mitatu kabla ya kugusa unywele hata mmoja, na mistari hiyo mteja anaweza kuipima mwenyewe nyumbani kwa kalamu nyembamba. Simama mbele ya kioo, uso umenyooka, macho yakitazama mbele. Weka kalamu wima ubavuni mwa tundu la pua, ipande hadi juu ya jicho. Inapokutana na unyusi ndipo unyusi unapotarajiwa kuanzia. Kisha, ncha ya chini ikibaki pale pale puani, ilaze kidogo ipite kwenye ukingo wa nje wa kiini cheusi cha jicho: hapo ndipo upinde huwa juu zaidi. Ilaze tena hadi ipite kona ya nje ya jicho, na hapo ndipo mkia huishia.

Mistari hiyo si sheria ya uzuri. Wapo watu ambao nyusi zao za kuzaliwa hazifuati hata mmoja, na ni nyusi nzuri. Faida yake ni kwamba inakupa mahali pa kupimia. Badala ya kuandika "mmeniharibu sura", unaandika kwamba mkia wa kushoto umekomea milimita 8 kabla ya mstari wa kona ya jicho, ilhali wa kulia unaufikia. Rula ya mwanafunzi inatosha kwa kazi hiyo. Na hapa mlalamikaji awe mkweli kwa nafsi yake: hakuna uso ulio sawasawa kushoto na kulia. Tofauti ya milimita moja au mbili aghalabu ni ya kuzaliwa, na ukiifanya ndiyo msingi wa dai lako utaonekana mtu wa kutafuta ugomvi.

Picha zipigwe mapema iwezekanavyo, kabla hujapaka wanja. Nywele zirudishwe nyuma, usimame mbele ya dirisha mchana ili mwanga uangukie pande zote, na simu iwe usawa wa macho. Simu iliyoinuliwa juu hupotosha urefu wa nyusi. Piga moja ya mbele, moja ya kila upande, na moja ya karibu ukiwa umeweka rula. Jambo moja limewaponza wengi: kamera ya mbele ya simu nyingine huhifadhi picha kama ilivyo kwenye kioo, kushoto kukawa kulia. Barua ikisema kushoto na picha ikionyesha kulia, umempa mwenye saluni sababu ya kutilia shaka kila ulichoandika. Mpe mtu mwingine akupige kwa kamera ya nyuma. Kisha tafuta picha ya zamani, ya wiki chache kabla, inayoonyesha nyusi zako zilivyokuwa. Hiyo ndiyo itakayosema kwamba kulikuwa na mkia wa kukatwa.

Mpaka hapa tumezungumzia umbo. Ngozi ni jambo jingine, na ni zito zaidi. Nta ikibandukana na ngozi ya juu, hubaki kidonda chekundu chenye majimaji, kinachouma kama mahali palipoungua. Pengine ni kuungua kweli, kwa sababu nta ilikuwa moto kupita kiasi na haikujaribiwa kwenye kifundo cha mkono wa fundi. Lakini mara nyingi chanzo ni kile anachopaka mteja usiku. Krimu za chunusi zenye tretinoini au adapalini, krimu za retinoli zinazouzwa kama dawa ya makunyanzi, na krimu za kung'arisha ngozi hulainisha ngozi ya juu au kuikondesha, hata nta ikivutwa inaondoka na ngozi. Anayemeza vidonge vya chunusi vya aina ya isotretinoini huambiwa akae mbali na nta wakati wa dozi na kwa miezi kadhaa baada ya kumaliza, kwa kawaida sita.

Je, kosa ni la nani hapo? Kwa maoni yangu, jawabu limo katika swali moja: mteja aliulizwa? Fundi anayetumia nta anapaswa kujua hatari hii kwa sababu ndiyo kazi yake. Mteja hana njia ya kujua kwamba jeli ya chunusi aliyoandikiwa hospitalini ina uhusiano wowote na nta. Fundi akiuliza na mteja akaficha, lawama inamhama. Asipouliza kabisa, lawama inabaki saluni, na barua iseme hivyo waziwazi.

Rangi nayo ina swali lake. Rangi nyingi nyeusi za nywele, pamoja na piko inayotumiwa huku pwani, zina kemikali iitwayo parafenilenediamini, ambayo kwenye boksi huandikwa PPD. Kwa baadhi ya watu huamsha mzio: kuwashwa, vipele, kope kuvimba hadi jicho likafumba. Kwa kawaida hayo hutokea baada ya siku moja au mbili, si ukiwa bado kwenye kiti. Kwa sababu hiyo tone la rangi hujaribiwa nyuma ya sikio au kwenye kiwiko saa 48 kabla. Rangi iliyopakwa bila jaribio hilo ni kosa la utaratibu, hata kama imetoka vizuri. Na jicho likivimba, nenda hospitali kwanza, barua itakungoja.

Kabla ya kuandika, hakikisha unamwandikia nani. Katika saluni nyingi za mijini, Mombasa hata Nairobi, si kila aliye ndani ameajiriwa. Kuna mafundi wanaokodi kiti: wanamlipa mwenye saluni kodi ya wiki au ya mwezi, na pesa za wateja ni zao. Ukimwendea mwenye saluni atakuambia, "Huyo si mfanyakazi wangu, kanikodia kiti tu." Ukimwendea fundi, atakwambia nta ni ya saluni. Njia ya kukata maneno hayo ni kutazama pesa zilikwenda wapi. Meseji ya M-Pesa hutaja jina la aliyelipwa, kiasi, tarehe, saa na msimbo wa muamala. Ikiwa jina ni la biashara, barua iende kwa mwenye biashara. Ikiwa ni jina la fundi mwenyewe, iandikie kwake, nakala kwa mwenye saluni, kwa sababu ndiye aliyemweka pale chini ya bango lake. Aliyelipa taslimu bila risiti hajakosa haki, lakini itabidi ategemee shahidi, au meseji za kupangiana miadi.

Usijaribu kuzirudisha pesa kwa njia ya kubatilisha muamala wa M-Pesa. Huduma hiyo ni ya aliyekosea nambari. Kuitumia kumnyang'anya aliyekuhudumia, hata kama amekuhudumia ovyo, kutakugeuza wewe uwe mshtakiwa.

Sasa tuchukue mfano tuufuate mpaka mwisho. Mteja wetu ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Mombasa. Jumamosi asubuhi amekwenda saluni kusafishwa nyusi kwa nta na kupakwa rangi, kwa sababu wikendi inayofuata ana harusi ya mdogo wake. Amelipa shilingi 1,200. Alipofika nyumbani akaona mkia wa kushoto haupo, na chini ya unyusi huo ngozi imechubuka. Saluni wamemwambia kwa simu aje "walinganishe". Jumatatu anaandika hivi:

Mombasa
12 Mei 2025

Kwa Mwenye Saluni,

KUH: NYUSI ZILIZOTINDWA TAREHE 10 MEI 2025: DAI LA PESA NA MAREKEBISHO

Salamu, Bi.

Jumamosi tarehe 10 Mei, mnamo saa 5 asubuhi, nilitindwa nyusi kwa nta na kupakwa rangi katika saluni yako. Nililipa shilingi 1,200 (nta 700, rangi 500) kupitia nambari ya saluni. Nakala ya meseji ya malipo imeambatishwa.

Kabla ya kuanza nilimwambia fundi asafishe nywele za chini tu, unene na urefu vibaki vilivyo. Hayo yamo pia katika meseji niliyotuma Ijumaa nikipanga miadi.

Matokeo yake ni kwamba unyusi wa kushoto umekatwa mkia na unaishia milimita 8 kabla ya usawa wa kona ya jicho. Wa kulia haukuguswa urefu. Aidha, chini ya unyusi wa kushoto ngozi imebanduka, sehemu yenye urefu wa kama sentimita 1. Natumia jeli ya chunusi yenye adapalini, niliyoandikiwa na daktari. Sikuulizwa kama natumia dawa yoyote ya ngozi. Rangi nayo ilipakwa bila kujaribiwa kwanza. Picha nne za Jumamosi jioni na moja ya mwezi uliopita zimeambatishwa.

Jumapili niliambiwa kwa simu nije upande wa kulia ulinganishwe na wa kushoto. Nashukuru kwa kunijibu haraka, lakini sikubali, kwa kuwa hilo litapunguza nyusi zilizobaki.

Naomba mambo mawili. Kwanza, nirudishiwe shilingi 1,200 nilizolipa, pamoja na shilingi 350 nilizonunulia dawa ya kupaka (risiti imeambatishwa), jumla shilingi 1,550, kabla ya Jumatatu tarehe 19 Mei. Pili, nipewe miadi ya bure ya kutengeneza umbo Jumamosi tarehe 5 Julai au baadaye, nywele zikishaota, kwa fundi mwingine na kwa uzi badala ya nta.

Ngozi bado haijapona. Nikihitaji matibabu zaidi nitakuarifu kwa maandishi.

Nangoja jibu lako kwa barua au kwa meseji kwenye nambari iliyo hapa chini.

Wako,
(jina, sahihi na nambari ya simu)

Barua hiyo haizidi ukurasa mmoja, na ndani yake hakuna tusi wala kitisho. Si kwa sababu mwandishi hakukasirika. Mwenye saluni akisoma sentensi ya kwanza yenye matusi ataacha kusoma na kuanza kujitetea, na ile milimita 8 haitafika machoni pake. Kitisho cha "nitawaanika mtandaoni" ni kibaya zaidi. Kinaligeuza dai halali kuwa kama ulanguzi wa heshima ya mtu, na picha ya fundi ikisambazwa bila idhini yake, ni yeye sasa atakayekuwa na malalamiko.

Tazama pia alivyoitaja jeli ya chunusi mwenyewe. Wengi wangeificha wakihofia itawageukia. Lakini mwenye saluni anayejua kazi yake atauliza tu, na likitoka baadaye litaonekana lilifichwa. Likitajwa mapema, likifuatwa na "sikuulizwa", linageuka kuwa ndilo kosa lenyewe la saluni.

Kiasi cha pesa nacho kimepangwa kwa hoja. Saluni inaweza kusema rangi ilishika vizuri, kwa hiyo itarudisha 700 za nta tu. Jawabu ni kwamba rangi ilipakwa kwenye umbo lililoharibika, na haimfai mteja kitu ikiwa nusu ya mahali pa kuipaka hapapo. Mimi ningeshikilia 1,200. Hata hivyo, wakitoa 950 za haraka, yaani 700 pamoja na nusu ya rangi, na dawa juu yake, mwalimu mwenye harusi wikendi ana haki ya kuona kwamba yametosha. Lililo muhimu ni ajue anaachilia nini na kwa nini.

Barua ipelekwe kwa mkono ikiwezekana, nakala mbili. Moja inabaki saluni, ya pili anayeipokea aweke sahihi na tarehe. Akikataa kutia sahihi, piga picha ya barua na uitume kwa WhatsApp kwenye nambari ya saluni. Tiki mbili zitaonyesha kwamba imefika.

Majibu yatakayokuja yanajulikana. La kwanza: "Ulitazama kwenye kioo ukalipa, maana yake uliridhika." Hili lina uzito fulani, na ndiyo maana kulalamika siku ile ile au kesho yake ni muhimu. Mwenye kuja baada ya wiki 3 hawezi kuthibitisha kwamba hakuna mkono mwingine uliopita pale. Lakini mteja aliyetoka kwenye kiti ngozi ikiwa nyekundu na rangi ikiwa imezizunguka nyusi hawezi kuliona umbo sawasawa kabla ya rangi ya kwenye ngozi kufifia. Kulipa si kukubali kosa ambalo halijaonekana.

La pili ni lile tangazo la ukutani: "Pesa zikilipwa hazirudishwi." Nchini Kenya tangazo la aina hiyo halifuti haki ya mteja. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike nazo, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 imejengwa juu ya msingi huo. Haki ya habari ndiyo inayomhusu hasa mwalimu wetu: kuambiwa kwamba nta haipatani na jeli yake ilikuwa habari aliyostahili kupewa kabla, si baada ya kuumia.

Sikuyaweka maneno hayo ya sheria kwenye barua ya kwanza kwa makusudi. Saluni nyingi hurudisha pesa kwa kuonyeshwa picha na hesabu iliyo wazi, na kifungu cha Katiba kikitangulia kinamfanya mwenye saluni amtafute wakili badala ya kuitafuta nambari yako. Kiwekwe kwenye barua ya pili, fupi, tarehe 19 ikipita bila jibu.

Na barua ya pili ikipuuzwa? Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya huduma na ya kuumia mwili. Mtu anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Kwa shilingi 1,550 peke yake, sidhani kama nauli na siku za kukosa kazi zinalingana na kinachodaiwa. Kidonda kikiingia usaha, kikaacha kovu karibu na jicho na bili ya hospitali ikafika makumi ya maelfu, hapo hesabu inabadilika, na zile picha za Jumamosi jioni zitakuwa na kazi. Ikiwa shida ni uchafu, wembe uliotumika kwa mtu mwingine au kijiti kilichochovywa tena kwenye sufuria ya nta baada ya kugusa ngozi, hilo lipelekwe kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti hata kama wewe hukudhurika. Ngozi iliyochubuka na wembe wa pili ni njia ya virusi vya homa ya ini na vya ukimwi.

Waliokatwa nywele vibaya wana mambo yao tofauti kidogo. Kinyozi akiisukuma nyuma laini ya paji la uso kwa sentimita moja, itarudi kwa mwezi mmoja hivi, na hapo kurekebisha mapema ni kukubali isukumwe zaidi. Lakini kichwa kilichopunguzwa upande mmoja zaidi ya mwingine kinaweza kulinganishwa siku hiyo hiyo, kwa sababu nywele fupi zilizolingana bado ni mtindo kamili, jambo ambalo nyusi haziwezi kudai. Kwa hiyo mteja wa kinyozi anaweza kuomba marekebisho kwanza na pesa zikishindikana. Aliyekatiwa nywele ndefu za miaka mingi kinyume na alivyoomba hana cha kurekebishiwa. Kwake ni pesa tu, na barua itaje urefu alioomba na urefu uliobaki, kwa sentimita.

Kuna pia pendekezo ambalo saluni hulitoa kama hisani: "Tukuchoree nyusi za kudumu bure." Ni kuingiza rangi ndani ya ngozi kwa sindano au kijiwembe, na hudumu mwaka au zaidi. Usikubali kwenye ngozi iliyochubuka, wala usikubali kutoka kwa mkono uleule ulioshindwa kupima milimita 8. Nywele zako zitaota; rangi iliyo ndani ya ngozi haitoki kwa kungoja wiki 8.

Saluni ikikubali kulipa, huenda ikataka mteja atie sahihi karatasi. Isome. Ikiandikwa "nimelipwa na sina dai lolote tena", na ngozi bado ina jeraha, mwalimu anauza haki ya matibabu ambayo hajui gharama yake. Aombe iandikwe hivi: "Nimepokea shilingi 1,550, zikiwa ni gharama ya huduma ya tarehe 10 Mei na dawa niliyokwisha kununua. Miadi ya bure ni tarehe 5 Julai. Suala la ngozi litazungumzwa ikishapona." Mistari mitatu, sahihi mbili, na kila mmoja abaki na nakala yake.